Mkurugenzi amesema ipunguzwe. Ipi?

Mpendwa Mshauri,

Kazini kwetu ni mimi ninayeandika muhtasari barua pepe zinapokuwa nyingi na watu hawana muda wa kuzisoma zote. Majuzi mhasibu alitutumia bajeti mpya na ratiba ya semina. Mkurugenzi akajibu, msimamizi wa mafunzo akajibu, kisha mimi nikawaandikia wote hivi:

"Mhasibu ametuma bajeti mpya na ratiba ya semina. Mkurugenzi ameipitia na ameikubali, ila amesema ipunguzwe kidogo. Msimamizi wa mafunzo amesema hii itaathiri tarehe, na yeye hana pingamizi. Naomba ifanyiwe kazi kabla ya Ijumaa na itumwe kwake."

Mhasibu akapunguza bajeti. Msimamizi akapunguza ratiba: semina ya siku tano ikawa ya siku tatu, na wawezeshaji wameshajulishwa. Bajeti iliyopunguzwa ikatumwa kwa msimamizi, na mkurugenzi akakaa anasubiri. Baadaye mkurugenzi alinieleza kwamba alikuwa anazungumzia bajeti.

Nimeambiwa niandike kwa uwazi zaidi. Lakini nimeipitia ile barua mara nyingi: upatanisho wa kisarufi ni sahihi, na nilieleza walichosema bila kuongeza langu. Barua zao za awali ni hizi.

Mhasibu, Jumatatu asubuhi: "Nimeambatisha bajeti mpya na ratiba ya semina ya siku tano. Naomba maoni."

Mkurugenzi, Jumatatu mchana: "Nimeipitia, nimeikubali. Ila ipunguzwe kidogo. Mkimaliza nitumieni mimi kabla ya Ijumaa."

Msimamizi, Jumanne: "Ukumbi hautapatikana wiki hiyo. Hii itaathiri tarehe. Mimi sina pingamizi."

Nifanye nini tofauti?

Mwandishi wa Muhtasari

*

Ndugu yangu Mwandishi wa Muhtasari,

Umefanya vizuri kuniwekea barua zenyewe, maana bila hizo ningekuambia urudie majina na ningeishia hapo. Kurudia majina kumo katika jibu langu, lakini kasoro nyingine katika muhtasari wako haziponi kwa kurudia jina. Mojawapo ilianza kabla hujaandika hata neno moja.

Nianze na sarufi, kwa sababu umesema upatanisho ni sahihi, na ni kweli. Tatizo ni kwamba usahihi huo haumsaidii msomaji. Kwa kawaida ngeli za Kiswahili hutufanyia kazi kubwa bila sisi kuzifikiria. Ukiandika kwamba umepokea mkataba na ripoti, kisha ukasema "usainiwe leo", hakuna atakayekwenda kusaini ripoti, kwa kuwa "u" ni ya mkataba peke yake. Ukisema kitabu na barua, "kirudishwe" haiwezi kuwa barua. Tumezoea ulinzi huu kiasi kwamba tunaamini upo siku zote.

Sasa tazama maneno ya ofisini. Bajeti, ratiba, ripoti, tarehe, semina, fomu, orodha, hati, nakala, risiti, ankara, kazi, hoja. Yote yako katika ngeli ya I-ZI. Maneno mengi tuliyoyapokea kutoka lugha nyingine yaliingia humo, na kazi za ofisini zimejaa maneno ya aina hiyo. Kwa hiyo katika barua ya kazi, "i" inaweza kubeba karibu kila kitu kilicho mezani. "Ipunguzwe" yako ilikuwa na wenyewe wawili halali, bajeti na ratiba, na kila msomaji alichukua ile inayohusu kazi yake. Mhasibu alifikiria fedha, msimamizi alifikiria siku. Hakuna aliyesoma vibaya.

Ungeandika kwa wingi pia usingepona. "Zipunguzwe" ingeweza kuwa gharama, ingeweza kuwa siku, na zote mbili ni "zi". Vivyo hivyo kwa "ya": maoni, marekebisho, malipo, maombi, makadirio, majina ya washiriki. Ukiandika "yatumwe leo" katika barua yenye marekebisho na malipo, umerudi palepale.

Kwa hiyo swali la kujiuliza unapohariri si kama kiambishi kinapatana na nomino uliyoikusudia. Kitapatana tu, ulimi wako hauwezi kukosea hapo. Jiulize ni nomino ngapi katika sentensi hiyo na ile iliyotangulia zinazoweza kupatana nacho. Ikiwa ni moja, kiache kama kilivyo. Zikiwa mbili, taja jina. Katika muhtasari wako, "ameipitia" inatanguliwa na bajeti na ratiba: mbili. Ulipaswa kusimama hapo.

Na hapo ndipo ungegundua jambo kubwa zaidi, kwamba hata wewe hukujua ni ipi.

Soma tena barua ya mkurugenzi. "Nimeipitia, nimeikubali. Ila ipunguzwe kidogo." Alikuwa anajibu barua yenye viambatisho viwili na hakutaja hata kimoja. Pengine alikuwa amefungua bajeti, iko mbele ya macho yake kwenye skrini, na kwake yeye "i" haikuwa na utata wowote. Utata ulizaliwa alipobonyeza kutuma. Wewe ukauchukua ulivyo, ukabadilisha "nimeipitia" kuwa "ameipitia", na ukausambaza kwa watu wengi zaidi. Unasema hukuongeza lako, na naamini ulifanya hivyo kwa heshima ya maneno ya mkubwa wako. Lakini anayesoma muhtasari huchukulia kwamba mwandishi wake amekwisha kuelewa. Mhasibu na msimamizi wangesoma barua ya mkurugenzi peke yake, huenda mmoja wao angeuliza "ipi?" Walipoisoma kwako, wakaona jambo limeshachambuliwa, wakaanza kazi.

Kuna dalili moja ndogo ndani ya maneno ya mkurugenzi ambayo nataka uizoee. Vitu vilikuwa viwili vya ngeli moja. Kama angekuwa amevipitia vyote, tungetarajia "nimezipitia, nimezikubali". Ameandika "nimeipitia", umoja. Kwa hiyo kuna kitu kimoja alichokipitia, na kingine huenda hakukifungua kabisa. Watu wakiandika kwa haraka kwenye simu huchanganya umoja na wingi, kwa hiyo usiichukue dalili hii kama ushahidi wa kuamulia. Ichukue kama sababu ya kuuliza. Na ona inakoelekea: alikueleza baadaye kwamba alikuwa anazungumzia bajeti, lakini je, ratiba ameikubali? Kwa barua hii hatujui. Umebakiwa na swali ambalo bado halijajibiwa, na semina inapangwa.

Namna ya kuuliza ina maana yake. Ukimwandikia mkurugenzi "Je, ulimaanisha bajeti?", mtu mwenye shughuli nyingi atajibu "ndiyo, sawa", na "sawa" hiyo itakuachia mashaka mapya: sawa bajeti ndiyo, au sawa endelea? Mpe vyote viwili kwa majina, achague. Mfano huu unatosha:

"Ndugu Mkurugenzi, naomba kuhakikisha jambo moja kabla sijawatumia wenzangu muhtasari. Katika barua yako ya Jumatatu mchana, kinachotakiwa kupunguzwa ni bajeti au ratiba ya semina? Na kile kingine, umekipitia au bado?"

Najua wengi wetu tunaona haya kumuuliza mkubwa maana ya maneno yake, kana kwamba tunamwambia hakuandika vizuri. Swali hili halimwambii hivyo. Linamwomba uamuzi ambao ni wake yeye kuutoa, na linajibika kwa mstari mmoja. Ikiwa hapatikani na muhtasari hauwezi kusubiri, andika wazi kwamba bado haijajulikana: "Mkurugenzi ameomba kimoja kati ya bajeti na ratiba kipunguzwe; nimemuuliza ni kipi, tafadhali msibadilishe chochote hadi ajibu." Sentensi hiyo haipendezi, lakini ingezuia wawezeshaji wasijulishwe siku tatu.

Tuje kwa msimamizi wa mafunzo, kwa sababu kwake kasoro ni tofauti kabisa. Yeye aliandika vizuri. "Ukumbi hautapatikana wiki hiyo. Hii itaathiri tarehe." Katika barua yake, "hii" ina kitu kimoja tu cha kushika: kukosekana kwa ukumbi. Si lazima hata kiwe na ngeli ya kupatana nayo, kwa sababu "hii" hapo haioneshi nomino, inaonesha habari nzima iliyotangulia. Msomaji anaielewa bila shida.

Wewe ulichukua sentensi ya pili ukaiacha ya kwanza. Ukumbi haumo kabisa katika muhtasari wako! "Hii" ikahamia sehemu nyingine, ikajikuta imekaa baada ya "amesema ipunguzwe kidogo". Na kwa kuwa kazi yake ni kushika habari iliyotangulia, ikashika hiyo. Sasa msomaji anaelewa kwamba kupunguza ndiko kutakakoathiri tarehe, na kwamba msimamizi ameshaujua mpango wa kupunguza na hana pingamizi nao. Hakuna hata neno moja la uongo uliloandika, lakini umemfanya msimamizi aseme jambo ambalo hakulisema. Na nadhani ndiyo maana yeye mwenyewe aliposoma muhtasari aliona ni kawaida kupunguza siku: jina lake lilikuwa palepale, karibu na tarehe, karibu na kupunguza.

Hii ndiyo hatari kubwa ya kufupisha mfululizo wa barua kuliko kuandika barua yako mwenyewe. Maneno kama hii, hiyo, hilo, hapo na hivyo yanaishi kwa kutegemea sentensi ya jirani. Ukiyanyanyua na kuyahamisha, jirani hubaki nyuma, na neno halibaki tupu ili ulione. Linapata jirani mpya na kuonekana mzima. Kwa hiyo, kila unaponakili sentensi ya mtu yenye neno la namna hiyo, rudi kwenye barua yake, tafuta lilikuwa linashika nini, na andika kitu hicho badala ya neno lenyewe.

Wakati mwingine linashika kitu kilicho nje ya barua yake. "Wiki hiyo" ya msimamizi ni wiki iliyoandikwa ndani ya ratiba, kwenye kiambatisho cha mhasibu. Asiyefungua kiambatisho hawezi kuijua. Na pia angalia msimamizi alikuwa anamjibu nani. Barua yake ilikuja baada ya ya mkurugenzi, lakini kufuata kwa saa si kujibu. Tazama maandishi yaliyonukuliwa chini ya barua yake. Ukikuta hapo barua ya mhasibu tu, basi yaelekea alibonyeza kujibu kwenye ile ya kwanza, na huenda ya mkurugenzi hakuwa ameiona. Majibu mafupi kama "nakubaliana na hilo" ndiyo yanayopotosha zaidi kwa namna hii, kwa sababu ukiyapanga kwa saa, "hilo" hushika barua ya mwisho, hata kama mwandishi alikuwa anajibu ya tatu kutoka juu.

Namna ya kuondoa "hii" ya aina hiyo: wengi huibadilisha kuwa "hili" au "suala hili" wakadhani wamemaliza. "Hili" huiondoa kwenye mkanganyiko na bajeti na ratiba, hilo nakubali, kwa kuwa hakuna ngeli ya LI-YA karibu. Lakini suala lipi? Neno "suala" halina kitu ndani yake, wala "jambo", wala "hali hii". Lililo bora ni kukigeuza kitenzi kuwa jina na kukiweka kichwani mwa sentensi: "Kukosekana kwa ukumbi kutasogeza tarehe za semina." Kiswahili kinatupa faida hapa, kwa sababu kitenzi-jina kina upatanisho wake, "ku", ambao haugongani na "i" wala "zi" wala "u". Hata ukiendelea na sentensi ya pili ukaandika "kutaongeza pia gharama za usafiri", msomaji bado anajua ni kukosekana kwa ukumbi. Ukiandika "kupunguza siku kutafanya hivi" na "kukosekana kwa ukumbi kutafanya vile", mambo mawili yamesimama mbalimbali, na mtu hawezi kuyachanganya.

Sasa watu. "Yeye hana pingamizi" na "itumwe kwake" zimetoka wapi? Msimamizi aliandika "mimi sina pingamizi". Mkurugenzi aliandika "nitumieni mimi". "Mimi" katika barua pepe haina utata hata kidogo, kwa sababu jina la mwenyewe liko juu ya barua. Unapofupisha, "mimi" wote wanageuka kuwa "yeye", na "nita" zote zinageuka kuwa "ata". Watu watatu waliokuwa wanajitambulisha wenyewe wanakuwa kiwakilishi kimoja. Tena "yeye" yetu haitofautishi mwanamke na mwanamume, wala kimo cha cheo, kwa hiyo hakuna hata dalili ya kumsaidia msomaji. "Kwake" na "yake" ndizo mbaya zaidi: katika "maoni yake", hiyo "ya" inapatana na maoni, haisemi lolote kuhusu mwenye maoni.

Aliyetajwa karibu zaidi na "itumwe kwake" ni msimamizi. Mhasibu alifuata kanuni ambayo wasomaji wengi huifuata bila kujua, ya kushika jina la karibu, na akatuma huko. Kwa hiyo hapa uwe mkali kuliko kwenye vitu: kila "mimi" unayeigeuza, igeuze iwe cheo au jina, isiwe "yeye". "Nitumieni mimi" iwe "atumiwe mkurugenzi". Ukishaandika rasimu, unaweza kurudi na kulegeza pale ambapo sentensi nzima ina mtu mmoja tu.

Najua utakachoniambia, kwamba barua itajaa mkurugenzi, mkurugenzi, msimamizi, msimamizi. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtunzi, na kwa insha nakubali. Msomaji wa muhtasari haji kufurahia mtindo. Anatafuta jina lake na kinachotakiwa kwake, mara nyingi anaruka moja kwa moja hadi mstari unaomhusu bila kusoma wa juu yake. Mstari huo usipojitosheleza, atakisia.

Kuna njia moja ya kupunguza kurudia ambayo wenye kuijua lugha huipenda, nayo ni kuchagua majina ya ngeli tofauti. Ukiiita bajeti "jedwali la gharama", itakuwa "li", na ratiba itabaki "i". Hapo "limekubaliwa" na "haijapitiwa" zinajitenga zenyewe. Ni nzuri, lakini kwa sharti: jina hilo liwe ndilo lililotumika tangu barua ya kwanza. Faili likiwa linaitwa bajeti na kila mtu amesema bajeti siku mbili mfululizo, ukija na "jedwali la gharama" kwenye muhtasari kuna watakaokuuliza jedwali liko wapi, mbona hawakutumiwa. Kwa barua yako, ningerudia bajeti.

Hivi ndivyo ningeiandika, tuseme baada ya mkurugenzi kukujibu kwamba ni bajeti na kwamba ratiba hajaifungua, na tuseme ratiba inaonesha semina tarehe 14 hadi 18:

"Ndugu wote,

Mkurugenzi ameipitia bajeti mpya na ameikubali, kwa sharti kwamba ipunguzwe. Naomba mhasibu aipunguze bajeti na amtumie mkurugenzi bajeti iliyopunguzwa kabla ya Ijumaa tarehe 4.

Ratiba ya semina mkurugenzi bado hajaipitia. Semina inabaki siku tano hadi mkurugenzi atakapotoa maoni kuhusu ratiba.

Msimamizi wa mafunzo anatujulisha kwamba ukumbi hautapatikana tarehe 14 hadi 18. Kukosekana kwa ukumbi kutasogeza tarehe za semina. Msimamizi hana pingamizi semina ikisogezwa."

Tazama vitu vichache. Katika aya ya kwanza nimeacha "ameikubali" na "ipunguzwe" bila kurudia bajeti, kwa sababu katika sentensi hiyo hakuna kitu kingine cha I-ZI kinachoshindana nayo. Nilipofika kwa mhasibu nimeitaja tena, kwa kuwa hilo ni agizo, na agizo lisiachwe kwenye kiambishi. "Aipunguze bajeti" imebaki na "i" yake na jina pia. Hupaswi kuondoa kiambishi ili kutaja jina, vinakaa pamoja bila ugomvi. Kila aya ina kitu kimoja, bajeti, ratiba, ukumbi, na kutenganisha huko peke yake kumefanya nusu ya kazi. Hata "sina pingamizi" nimeimalizia: pingamizi kwa nini? Kwa semina kusogezwa. Hiyo nayo ningemuuliza msimamizi kabla ya kuiandika, kwa sababu katika barua yake inaweza pia kuwa hana pingamizi na ratiba kwa jumla.

Kabla ya kutuma, funika kila kitu kilicho chini ya muhtasari wako, yale maandishi yote yaliyonukuliwa, usome kama mtu aliyeongezwa kwenye nakala leo hii. Ukikutana na "i", "hii", "hiyo", "yeye" au "kwake", jibu kwa sauti: nini? nani? Jibu lipatikane ndani ya sentensi hiyo au ile iliyotangulia, na liwe moja. Ukilazimika kukumbuka barua ya Jumatatu ili kujibu, msomaji wako hawezi. Jaribio hili lina mpaka wake: wewe unayejua yaliyotokea utaona jibu moja hata palipo na mawili. Kwa barua yenye agizo la fedha au tarehe, mpe mwenzako mmoja ambaye hayumo kwenye mazungumzo aisome, umuulize tu nani anafanya nini. Dakika mbili zinatosha.

Kuhusu barua iliyokwisha kwenda, ambayo bado iko kwenye visanduku vya watu na inaweza kusomwa tena kesho: usiijibu kwa "samahani, nilimaanisha ile nyingine". Anza kichwa cha barua na neno "Marekebisho", nukuu sentensi yako yenye kasoro kama ilivyokuwa, na chini yake andika sentensi mpya yenye majina. Kisha waeleze waliokwisha kuchukua hatua nini kibatilishwe: msimamizi awaandikie wawezeshaji kwamba semina ni siku tano mpaka watakapojulishwa vinginevyo, na mhasibu amtumie mkurugenzi bajeti aliyompelekea msimamizi. Na swali la ratiba lipeleke leo, kwa sababu wawezeshaji wakishapewa tarehe mara ya tatu hawatasubiri ya nne.